Stoo ya Kiwanda Mikononi mwa Msambazaji

Katika biashara ya kawaida, kiwanda ndicho kinachoagiza. Mtunza stoo anaona chupa zimepungua, anamwambia meneja, meneja anapiga simu kwa msambazaji, na msambazaji anaanza kutafuta mzigo. Upo utaratibu mwingine ambao kazi hiyo ya kuamua nini kiletwe, lini na kiasi gani anaachiwa msambazaji mwenyewe. Kiwanda kinampa hesabu ya kilichobaki na kinachotumika, naye anawajibika kuhakikisha stoo ya mteja wake haikauki wala haifuriki. Utaratibu huu ulipata sifa Marekani katika miaka ya 1980, pale kampuni ya Procter & Gamble ilipoanza kujaza yenyewe nepi katika maghala ya maduka ya Walmart kwa kufuata takwimu za mauzo. Hata hivyo, hauhitaji ukubwa wa aina hiyo. Kiwanda cha watu kumi kinaweza kuutumia, mradi kijue kinachotoa na kinachopokea.

Chukua mfano wa kiwanda kidogo cha kukamua mafuta ya alizeti mkoani Singida. Mbegu kinanunua kwa wakulima wa jirani, lakini chupa za lita moja na vizibo vyake vinatoka kwa mtengenezaji aliyeko Dar es Salaam, umbali wa kilometa 700 hivi. Kwa wastani kiwanda kinajaza chupa 1,200 kwa siku, siku sita kwa wiki. Zamani kilikuwa kikiagiza chupa 30,000 mara moja kwa mwezi. Kila chupa ikiwa shilingi 300, shilingi milioni 9 zinalala stoo kabla hata tone la mafuta halijauzwa, na nafasi inayoliwa ni kubwa kwa sababu chupa tupu ni hewa. Fedha hizo hizo ndizo zinazohitajika kununulia alizeti wakati wa mavuno, bei inapokuwa nafuu.

Msambazaji naye ana taabu zake. Oda za kushtukiza humlazimu kusimamisha mashine, kubadili kalibu na kutengeneza chupa za mteja mmoja kwa haraka, kisha kuirudisha kalibu ya awali. Gari nalo linaondoka Dar es Salaam likiwa nusu tupu kwa sababu mteja analia. Akijua wiki mbili kabla kwamba Singida itahitaji mzigo, anapanga uzalishaji wake kwa utulivu na kuunganisha mizigo ya wakamuaji kadhaa wa barabara ile ile. Hapo ndipo penye nguvu ya kiwanda kidogo katika mazungumzo. Hakinunui kiasi cha kumtisha msambazaji, lakini kinaweza kumpa kitu ambacho wateja wengi hawampi, yaani hesabu ya kweli inayofika kwa wakati.

Moyo wa makubaliano ni namba mbili, kiwango cha chini na kiwango cha juu, na namba hizo hazipatikani kwa kukisia. Tuseme kiwanda kinahesabu chupa kila Jumatatu na Alhamisi asubuhi kabla ya kazi kuanza, na mzigo huchukua siku nne za kazi tangu msambazaji aamue kuutuma hadi unaposhushwa. Kati ya hesabu moja na nyingine zinapita siku tatu za kazi. Kwa hiyo upungufu uliojitokeza mara tu baada ya hesabu unaweza kukaa siku tatu bila kuonekana, kisha siku nne nyingine ukisubiri gari. Jumla ni siku saba. Kwa matumizi ya wastani siku saba ni chupa 8,400, lakini wastani haulindi kiwanda siku ya kazi nyingi. Ikiwa siku nzito hujazwa chupa 1,500, kiwango cha chini kinakuwa 10,500. Gari moja dogo likibeba chupa 9,000, kiwango cha juu kinawekwa 19,500.

Namba hizi zinaweza kujaribiwa kwa hali mbaya zaidi. Jumatatu stoo ina chupa 10,600, yaani juu kidogo tu ya kiwango cha chini, na msambazaji hatumi kitu. Alhamisi, baada ya siku tatu nzito, zimebaki 6,100, naye anatuma gari. Siku nne nzito nyingine zinakula 6,000. Gari linapofika, stoo ina chupa 100. Imekaribia kukauka, lakini kazi haikusimama. Mtu akiona chupa 100 ni pumzi ndogo mno, aongeze kiwango cha chini, akijua kwamba kila chupa anayoongeza ina gharama ya nafasi na ya fedha.

Namba zenyewe haziwi za kudumu. Alizeti ya Singida huanza kuvunwa karibu na Mei na Juni, na kiwanda kikianza kujaza chupa 2,000 kwa siku huku kiwango cha chini kikiwa kile kile cha 10,500, siku saba zitataka chupa 14,000 na kazi itasimama karibu siku mbili. Takwimu za matumizi ya nyuma haziwezi kumwonya msambazaji juu ya hilo, kwa kuwa zinaeleza yaliyopita. Ndiyo maana kiwanda kinapaswa kutoa pia mpango wa uzalishaji wa wiki nne zijazo, hata kama ni wa kukadiria, na kusema mapema kuhusu mteja mpya, oda kubwa ya shule au mashine itakayokuwa kwenye matengenezo. Kunyamaza juu ya mambo haya ndicho chanzo cha kawaida cha lawama, kwani kila upande hudhani mwenzake alipaswa kujua.

Taarifa zinazohitajika ni chache: chupa zilizopo, zilizotumika tangu hesabu iliyopita, zilizoharibika, mzigo ulio njiani, na mpango wa wiki zijazo. Jedwali la Excel au ujumbe wa WhatsApp wenye picha ya ukurasa wa daftari unatosha kwa kuanzia. Kinachosumbua zaidi ni maana ya namba. Kiwanda kikiandika 80 kikimaanisha mafurushi ya chupa 120, na msambazaji akasoma chupa 80, atatuma gari la dharura wakati stoo ina chupa 9,600. Kila bidhaa iwe na jina moja na kipimo kimoja pande zote mbili. Mzigo ulio njiani nao lazima uingizwe kwenye hesabu. Usipoingizwa, stoo itaonekana bado iko chini, msambazaji atatuma gari la pili, na siku mbili baadaye kiwanda kitakuwa kinapanga chupa uani.

Tatizo la polepole zaidi ni chupa zinazopotea bila kuandikwa. Chupa 25 zinazopondeka kila siku hazimshtui mtu, lakini kwa siku 26 za kazi ni 650, na zote zinaendelea kuishi kwenye jedwali. Dalili yake ni rahisi kuitambua: kiasi cha mwanzo, ukijumlisha kilichopokelewa na kutoa kilichojazwa, kinazidi kile kinachohesabika kwa mkono, na pengo linakua kila wiki. Dawa ni kuandika uharibifu siku ile ile na kuhesabu chupa zenyewe, si kupiga hesabu kutoka kwenye daftari.

Suala la umiliki linastahili kuandikwa kwa uangalifu kuliko jingine lolote. Mzigo unaweza kuwa mali ya kiwanda tangu unaposhushwa, na msambazaji akabaki na jukumu la kupanga tu. Au unaweza kuwa mali kauli: chupa ziko stoo ya kiwanda lakini ni za msambazaji hadi zitakapotumika, na kiwanda kinalipa kila wiki kwa kile kilichojazwa. Kwa chupa 7,200 za wiki, malipo ni shilingi 2,160,000 badala ya milioni 9 kwa mkupuo. Unafuu huo ni mkubwa, lakini una bei. Msambazaji atataka haki ya kuingia stoo na kuhesabu, pengine na kuongeza kidogo kwenye bei ya chupa. Stoo ikiungua au ikaibiwa, mkataba useme nani anabeba hasara na bima ni ya nani. Mali kauli itengwe mahali pake na kuandikwa katika daftari lake, ili isichanganywe na mali ya kiwanda na mkopeshaji anayekuja kukagua dhamana.

Hatari nyingine inatokana na tabia ya kibinadamu. Msambazaji mwenye malengo ya mauzo anaweza kushawishika kujaza stoo ya mteja mwisho wa mwezi. Kiwango cha juu ndicho kinga, lakini kina nguvu tu kama mkataba unasema mzigo uliozidi unarudishwa kwa gharama ya aliyeutuma. Kwa upande mwingine, kiwanda kikibadilisha umbo la chupa, msambazaji anaweza kubaki na maelfu ya chupa ambazo hakuna mwingine atakayezinunua. Ni haki kiwanda kiahidi kununua kiasi fulani cha chupa zilizokwisha tengenezwa, kwa mfano za wiki nne, na si zaidi. Lebo ni afadhali zisiingizwe kabisa katika utaratibu huu, au ziwe na kiwango cha juu kidogo sana, kwa kuwa badiliko moja la maandishi hugeuza rundo zima kuwa karatasi taka. Vizibo vifuate chupa, kwani chupa bila kizibo chake inasimamisha kazi sawa na kukosa chupa.

Kisha ipo siri ya biashara. Anayejua chupa ngapi kiwanda kinajaza kila wiki anajua takriban kinachouza, na msambazaji huyo huyo huenda anawauzia wakamuaji washindani mjini hapo. Kiwanda kitoe idadi za chupa na mpango wa kuzijaza, lakini majina ya wateja, bei za mafuta na bei za kununulia alizeti hazimhusu mtengenezaji wa chupa. Mkataba utaje nani kwa msambazaji anaruhusiwa kuona takwimu na ukataze kuzipeleka kwa mteja mwingine.

Ni busara kuanza na bidhaa moja kwa miezi mitatu, chupa za lita moja pekee, huku hesabu zote zikilinganishwa. Vitu vitatu vinatosha kuonyesha mwenendo: ni mara ngapi kazi ilisimama kwa kukosa chupa, ni mara ngapi lilihitajika gari la dharura, na ni mara ngapi stoo ilivuka kiwango cha juu. Mtunza stoo aendelee kujua bei za sokoni, na sehemu ndogo ya chupa inunuliwe kwa msambazaji mwingine ili njia isifungwe kabisa. Hata mwisho wa uhusiano uandikwe tangu mwanzo: notisi ya siku ngapi, chupa zilizobaki zinahesabiwa na pande zote mbili siku ile ile, za mali kauli zinanunuliwa au zinachukuliwa ndani ya muda uliotajwa, na kumbukumbu za matumizi zinabaki kwa kiwanda.