Kuomba Ruhusa ya Kwenda Kuamua Michezo: Barua Mbili za Mkazi wa Dzaleka

Katika masomo ya uandishi wa barua rasmi tumezoea kuwapa wanafunzi barua ya kuomba kazi. Safari hii tumeonelea tuchukue barua isiyoandikwa mara nyingi, ambayo ikiandikwa vibaya humgharimu mwandishi nafasi isiyorudi. Ni barua ya mfanyakazi aliyeteuliwa kuwa mwamuzi au kocha katika mashindano ya kimataifa, akitaka mwajiri wake amruhusu kwenda.

Kwanza tutofautishe mchezaji na mwamuzi. Kanuni za FIFA kuhusu hadhi na uhamisho wa wachezaji huilazimisha klabu kumruhusu mchezaji wake anapoitwa na timu ya taifa katika tarehe zilizowekwa. Kanuni hizo haziigusi shule, hospitali au duka alikoajiriwa mwamuzi. Kwa hiyo mwamuzi hana cha kudai, ana cha kuomba tu, na sarufi ya barua yake lazima ionyeshe hivyo. Anayeandika "nitakuwa nje ya kazi kuanzia tarehe fulani" ametoa taarifa. Anayeandika "naomba niruhusiwe kutokuwa kazini" ameomba. Mwajiri huisikia tofauti hiyo hata kama hawezi kuitaja kwa jina la kisarufi.

Neno "kuachiliwa", ambalo baadhi ya wafasiri hulitumia hapa, halifai. Anayeachiliwa alikuwa amefungwa. Pale Dzaleka, katika wilaya ya Dowa, takriban kilomita 45 kutoka Lilongwe, neno hilo lina uzito zaidi, kwani mahali hapo palikuwa gereza kabla ya kufanywa kambi ya wakimbizi mwaka 1994. Tuseme "kuruhusiwa". "Kuazimwa" nako tukuache kwa mtumishi anayehamishiwa ofisi nyingine kwa muda mrefu.

Wakazi wengi wa Dzaleka wametoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ni lugha inayowaunganisha. Lakini hali yao inaigawa barua hii mara mbili. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 iliweka masharti yake kwenye vifungu kadhaa. Kimoja ni kifungu cha 17 kuhusu ajira, na kingine ni cha 26 kuhusu uhuru wa kutembea, ambapo serikali ilibakiza haki ya kupanga mahali pa kuishi wakimbizi. Mwalimu mkuu anaweza kumruhusu mwalimu asiingie darasani. Hana uwezo wa kumruhusu atoke kambini. Ruhusa hiyo hutolewa na ofisi ya msimamizi wa kambi, ambayo ni ya serikali. Anayeomba mambo yote mawili katika barua moja huwapa wakubwa wawili sababu ya kungojana.

Tuchukue mfano. Lilongwe iliandaa Mashindano ya Vijana ya Kanda ya 5 ya Afrika tarehe 2 hadi 11 Desemba 2022. Tuseme mwalimu wa Dzaleka, ambaye tumembuni, aliteuliwa kuwa mwamuzi wa riadha, na waamuzi walitakiwa kufika siku mbili kabla kwa ajili ya semina. Barua yake kwa mwajiri ingekuwa hivi:

Kambi ya Dzaleka, Dowa
1 Novemba 2022

Mwalimu Mkuu,
Shule ya Msingi ..........,
Dzaleka.

Ndugu Mwalimu Mkuu,

YAH: KUOMBA RUHUSA YA KUTOKUWA KAZINI, 30 NOVEMBA HADI 9 DESEMBA 2022

Mimi ni mwalimu wa Hisabati wa darasa la 6. Nimeteuliwa kuwa mwamuzi wa riadha katika Mashindano ya Vijana ya Kanda ya 5 yatakayofanyika Lilongwe. Barua ya uteuzi nimeiambatisha.

Naomba niruhusiwe kutokuwa kazini kwa siku 8 za kazi, kuanzia Jumatano tarehe 30 Novemba hadi Ijumaa tarehe 9 Desemba. Nitarejea darasani Jumatatu tarehe 12 Desemba. Naomba siku hizo zihesabiwe katika likizo yangu ya mwaka.

Mwalimu wa darasa la 5 amekubali kushika vipindi vyangu, na ratiba tuliyoitia sahihi sote wawili imeambatishwa. Maswali ya mtihani nitayakabidhi kabla ya tarehe 28 Novemba.

Sijawajibu waandaaji. Wanataka jibu kabla ya tarehe 15 Novemba. Naomba jibu lako liwe la maandishi na litaje tarehe, ili niliambatishe katika ombi langu kwa ofisi ya kambi.

Wako mtiifu,
(Sahihi na jina)

Kuhusu muundo, "Yah:" ni mazoea ya Tanzania. Mkenya ataandika "Kuh:" au "Mint:", na zote ni sawa mradi mwandishi asizichanganye. Tumeacha kwa makusudi ile sentensi ya "Husika na kichwa cha habari hapo juu", maana haimwambii msomaji chochote.

Mkazo uko kwenye hesabu ya siku. Wengi huandika "kwa muda wa wiki mbili hivi", na hapo ndipo ombi hukwama, kwa sababu mwajiri hawezi kujua ni vipindi vingapi vitakosa mwalimu. Mashindano yalikuwa ya siku 10, lakini siku za kazi zinazopotea, pamoja na semina, ni 8. Sheria ya Ajira ya Malawi ya mwaka 2000 inampa anayefanya kazi siku 5 kwa wiki likizo isiyopungua siku 15 za kazi kwa mwaka. Akitumia 8 atabakiwa na 7, kwa hiyo ombi linabebeka. Hata hivyo, wakimbizi wengi wanaofundisha kambini huitwa watu wa kujitolea na hulipwa posho. Mwenye mkataba wa aina hiyo ausome kabla ya kuandika "likizo yangu ya mwaka". Kama likizo haimo, aombe ruhusa bila posho kwa siku hizo, tena aiseme wazi.

Mashindano marefu hayatoshi ndani ya likizo. Bernadettar Kwimbira wa Malawi alikuwa mwamuzi msaidizi katika Kombe la Dunia la Wanawake nchini Kanada, tarehe 6 Juni hadi 5 Julai 2015. Ukihesabu Jumatatu hadi Ijumaa katika kipindi hicho utapata siku 20, bila safari wala maandalizi. Mwajiriwa mwenye likizo ya siku 15 akipata uteuzi wa namna hiyo itambidi aombe siku za ziada bila malipo. Naye mkimbizi ataongeza hati ya kusafiria inayotajwa na kifungu cha 28 cha Mkataba, pamoja na viza, kwa hiyo barua yake itangulie kwa miezi, si kwa wiki.

Neno "kocha" nalo lina mtego. Wapenzi wa soka Tanzania humwita kocha "mwalimu". Mwalimu wa shule akiandika "nimeteuliwa kuwa mwalimu wa timu", msomaji anaweza kudhani anahama kazi. Aandike "kocha" au "kocha msaidizi".

Barua ya pili, ya ofisi ya kambi, huandikwa kwa Kiingereza, lugha rasmi ya Malawi. Ni fupi: inataja mahali atakapolala Lilongwe, siku ya kutoka na siku ya kurudi, nayo inaambatana na uteuzi na jibu la mwajiri. Tarehe zake hazifanani na zile za kwanza. Kazini anaomba hadi Ijumaa tarehe 9, lakini mashindano yanakwisha Jumapili tarehe 11, na ruhusa ya kuwa nje ya kambi lazima ifike siku hiyo. Anayenakili tarehe za barua ya kwanza atakuwa Lilongwe bila kibali siku mbili za mwisho.

Jibu likija, lisomwe kwa makini. "Barua yako imepokelewa na inashughulikiwa" bado si ruhusa, na waandaaji wasijibiwe kwa kutegemea sentensi hiyo. Ruhusa ni ile inayosema "umeruhusiwa", ikataja tarehe, na ikatiwa sahihi na mwenye mamlaka. Ikiwa tarehe 10 Novemba imefika na jibu halijapatikana, mwandishi aende mwenyewe na nakala ya barua, akumbushe kwa mdomo, kisha aombe sahihi na tarehe ya kupokelewa juu ya nakala hiyo.