Gurudumu la Kipanya Lisishike Silaha

Raundi ilikuwa imebaki kati yangu na adui mmoja. Bomu limetegwa, namsikia anashuka ngazi, nami nimejibanza kwenye kona na AK-47 mkononi. Alipojitokeza nilibana kitufe cha kushoto cha kipanya, lakini kabla risasi haijatoka kidole kiliteleza kikagusa gurudumu. Bunduki ikarudi mgongoni, bastola ikaanza kutoka. Hiyo nusu sekunde ya kutoa bastola ilimtosha mwenzangu kufyatua mara mbili, na raundi ikaisha hapo.

Wanaocheza Counter-Strike 2 wanalijua tukio hili, na wengi huishia kulilaumu jasho la kidole. Mimi nalaumu mpangilio. Gemu hii ikifunguliwa kwa mara ya kwanza, gurudumu limepewa kazi ya kubadili silaha: ukilizungusha juu unarudi silaha ya nyuma, ukilizungusha chini unakwenda ya mbele. Ni kazi ambayo kifaa hiki hakikuumbiwa.

Tazama gurudumu lenyewe linavyofanya kazi. Ukilizungusha taratibu unahisi meno: tik, tik, tik. Kila jino linalopita, kipanya kinatuma ujumbe mmoja kwa kompyuta, na ujumbe huo hausemi "nipe bunduki" wala "nipe bomu la moshi". Unasema tu "sogea hatua moja". Hatua kuelekea wapi? Inategemea ulikuwa wapi. Silaha zimepangwa kwa foleni: bunduki kubwa, bastola, kisu, mabomu ya kurusha, kisha bomu la kutega kama umelibeba wewe. Ukiwa na kisu na unataka AK, unahitaji meno mawili juu. Ukizungusha matatu, umepitiliza na kuzunguka hadi mwisho wa foleni, na mkononi una kitu ambacho hukukiomba. Raundi inayofuata umenunua mabomu mawili zaidi, basi foleni imerefuka na hesabu yako ya jana haifai tena.

Vitufe vya namba havina shida hiyo. Ukibonyeza 1 unapata bunduki kubwa, hata kama ulikuwa na kisu, bastola au bomu, na hata ukibonyeza mara tano mfululizo utabaki na bunduki ile ile. Namba inataja kitu kwa jina lake. Gurudumu linahesabu hatua, na mtu aliyeshtuka hahesabu vizuri. Jambo hili lina uzito katika Counter-Strike kwa sababu wachezaji hubadili silaha muda wote: mwenye kisu anakimbia yuniti 250 kwa sekunde, mwenye AK 215, na mwenye AWP 200. Kila anayehama eneo anatoa kisu, na kila anayefika anataka bunduki yake irudi mara moja.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi sana. Wengi tunazungusha gurudumu kwa kidole cha shahada, kidole kile kile kinachofyatua risasi. Maana yake, ukibadili silaha kwa gurudumu unaondoa kidole kwenye kifyatulio wakati unapokihitaji.

Kulivua gurudumu kazi hiyo ni rahisi. Ingia kwenye mipangilio ya gemu, washa konsoli, kisha uifungue kwa kitufe kilicho juu ya Tab. Andika:

```
unbind mwheelup
unbind mwheeldown
```

Sasa gurudumu halifanyi chochote. Ushauri wangu ni uliache hivyo kwa wiki nzima kabla ya kulipa kazi mpya. Siku mbili za kwanza utaona kero, kidole kitakuwa kinazungusha hewa. Siku ya tatu au ya nne mkono wa kushoto utaanza kuzifuata 1, 2 na 3 wenyewe, na Q itakurudisha kwenye silaha uliyoiacha punde. Mabomu nayo yanaweza kupewa kila moja kitufe chake: `slot7` ni la kupofusha, `slot8` ni la moshi, `slot10` ni la moto. Anayerukia hatua hii na kulipa gurudumu kazi mpya siku hiyo hiyo atakuwa anaruka ovyo kila anapotafuta bastola.

Baada ya hapo ndipo tuje kwenye kuruka, na hapa gurudumu linageuka kuwa kifaa bora kuliko spesi. Sababu iko kwenye msuguano. Mchezaji akiwa ardhini, gemu inampunguzia kasi. Akiwa hewani, haimpunguzii. Kwa hiyo anayetua na kuruka papo hapo anabaki na kasi aliyokuja nayo, na anayechelewa anailipa. Huku kuruka mfululizo ndiko wachezaji wanakokuita banihopu.

Tupige hesabu ndogo. Seva rasmi za Global Offensive, gemu iliyotangulia hii, zilikuwa zikihesabu mwendo mara 64 kwa sekunde, na kila hesabu inaitwa tiki. Tiki moja ni takriban milisekunde 16. Kwa kiwango cha msuguano cha 5.2, mchezaji anayeteleza ardhini bila kubonyeza kitufe cha mwendo anapoteza karibu asilimia 8 ya kasi yake kwa kila tiki. Chukua mtu aliyetua na kisu akiwa na yuniti 250. Tiki moja ya kuchelewa inamwacha na 230, ya pili 211, ya tatu 194. Amechelewa milisekunde 47 tu, chini ya muda wa kupepesa jicho, na tayari ni mzito kuliko mtu anayekimbia na AK.

Kwa spesi una nafasi moja. Ukibonyeza ukiwa bado hewani, hakuna kinachotokea, na ukiendelea kukishikilia haikusaidii, kwa maana gemu inataka mbonyezo mpya. Ukibonyeza baada ya kutua, umeshapigwa na msuguano. Gurudumu linatoa mibonyezo mingi. Tuseme mvuto mmoja wa kidole unapitisha meno sita ndani ya milisekunde 120. Kila baada ya milisekunde 20 unaingia mbonyezo kamili, umebanwa na kuachiwa. Inayoingia ukiwa hewani inapotea bure bila madhara, na wa kwanza kuingia baada ya miguu kugusa chini ndio unaokurusha tena. Hukuhitaji kulenga wakati halisi, umeuzingira tu.

Ndiyo maana kasoro ile ile iliyoniua kwenye kona, kutojua ni meno mangapi yatapita, huku kwenye kuruka haidhuru kitu. Amri zenyewe ni hizi:

```
bind mwheeldown "+jump"
bind space "+jump"
```

Nimeweka chini peke yake kwa makusudi. Kidole kinavuta gurudumu kuelekea kiganjani kwa wepesi kuliko kulisukuma mbele, na ukiacha upande wa juu mtupu umepunguza ajali kwa nusu. Spesi nayo ibaki inaruka, kwani huko ndiko utakaporuka ukitaka kidole cha shahada kikae kwenye kifyatulio.

Usitegemee makubwa, hata hivyo. Seva za kawaida zinabana kasi inayozidi kiwango fulani, na kuruka kwenyewe kunachosha mwendo, kwa hiyo utapata miruko miwili mitatu mizuri, si safari ya ramani nzima. CS2, iliyotoka Septemba 2023, pia hurekodi wakati wa mbonyezo kati ya tiki na tiki, jambo lililobadilisha hisia ya miruko hii kwa waliozoea gemu ya zamani. Kosa nalo lina bei: mruko mmoja ni takriban robo tatu ya sekunde hewani, na AK ikifyatuliwa hewani risasi zinakwenda zinakotaka. Isitoshe, kishindo cha kutua kinamwambia adui ulipo.

Baadhi ya watu huuliza kama hii si udanganyifu. Mnamo Agosti 2024 Valve ilikataza kwenye seva zake rasmi otomatiki ya mwendo, pamoja na kitufe kimoja kutoa vitendo kadhaa vya mwendo au shambulio kwa pamoja. Jino moja la gurudumu kutoa mruko mmoja hakumo katika katazo hilo. Usiunganishe tu kuruka na amri nyingine ndani ya alama zile zile za kunukuu.

Kuhusu pingi, na hapa sisemi kasi ya mtandao bali ile alama unayowawekea wenzako mahali unapopaangalia, hali ni tofauti kidogo. Amri yake ni `player_ping`, na kwa kawaida imewekwa kwenye kulibonyeza gurudumu. Tatizo linaanza hapo ukishaweka kuruka, kwa sababu kwenye vipanya vingi huwezi kubonyeza gurudumu bila kulitikisa jino moja. Utataka kuonyesha adui, utajikuta umeruka mbele yake.

Njia moja ni kuihamishia pingi kwenye mzunguko wa juu:

```
bind mwheelup "player_ping"
```

Ajali yake ni nafuu: ukigusa bila kukusudia, wenzako wanasikia mlio na kuona alama, basi. Kwa anayecheza bila maikrofoni, au aliyepangwa na watu wasioelewana lugha, ni kitufe kilicho karibu sana. Lakini kila jino ni pingi mpya, na mchezaji anayemwaga pingi nne kwa mvuto mmoja hupuuzwa kufikia raundi ya tatu. Ukichagua njia hii, jifunze kusukuma jino moja na kuacha. Mimi naipendelea kwenye kitufe cha pembeni cha kipanya, mahali ambapo kidole gumba hakikosei.

Kabla ya yote hayo, kipime kipanya chako. Fungua ukurasa mrefu wowote na uzungushe gurudumu chini polepole. Ukurasa ukirukaruka kurudi juu, kihisio cha gurudumu kimeingia vumbi au kimechakaa, na kipanya hicho kitakurusha wakati umejificha. Gurudumu linalozunguka huru bila meno nalo halifai, maana linaendelea kutuma miruko baada ya kidole kuondoka. Likiwa na swichi ya kurudisha meno, irudishe.

Na ukijaribu kwa wiki mbili ukaona halikufai, hakuna kilichoharibika. Mpangilio wa awali unarudi kwa mistari miwili:

```
bind mwheelup "invprev"
bind mwheeldown "invnext"
```