Wabahai na Fundisho la Dini Moja: Mfano wa Kibla

Katika baadhi ya kamati za maendeleo vijijini na mijini, Wakristo na Waislamu hukaa meza moja na Wabahai. Mara nyingi husikika kauli kwamba Wabahai "wamechanganya dini zote". Kauli hiyo si sahihi, na ni vema kufahamu wanachokifundisha hasa.

Imani hii ilianzia Uajemi. Mwaka 1844, katika mji wa Shirazi, kijana aliyeitwa Bab alitangaza kuwa ameletwa na Mungu kutayarisha njia ya mwingine aliye mkuu zaidi. Aliuawa kwa kupigwa risasi mwaka 1850. Mwaka 1863, huko Baghdadi, Bahaullah alitangaza kuwa yeye ndiye aliyengojewa. Alifariki mwaka 1892 karibu na mji wa Akka, akiwa bado chini ya amri ya kifungo ya utawala wa Waturuki.

Fundisho lake kuu ni kwamba Mungu ni mmoja, na dini yake ni moja, ila huifunua kwa hatua. Ibrahimu, Musa, Zoroasta, Budha, Yesu na Muhammad wote walitoka kwa Mungu yule yule, kila mmoja kwa wakati wake. Kila ufunuo una sehemu mbili. Ya kwanza haibadiliki: kumjua Mungu, upendo, ukweli, haki. Ya pili ni sheria za maisha, kama vile saumu, ndoa, talaka na adhabu. Hizi hubadilika kadiri hali ya watu inavyobadilika, kama tabibu anavyobadili dawa kwa kuutazama ugonjwa.

Mfano mzuri umo katika Kitabu cha Yakini, ambacho Bahaullah alikiandika Baghdadi yapata mwaka 1862, kumjibu mjomba wake Bab aliyekuwa na mashaka. Humo anaeleza habari ya kibla. Waislamu wa kwanza walisali wakielekea Yerusalemu. Baada ya Mtume Muhammad kuhamia Madina, ikaja amri ya kuelekea Kaaba iliyoko Makka. Bahaullah anasimulia kwamba mgeuko huo ulitokea katikati ya sala, na baadhi ya waumini wakafadhaika hata wakaacha imani.

Kwa nini basi kibla kigeuzwe? Bahaullah anajibu kwamba mahali pote ni pa Mungu, na hakuna upande unaomzidi mwingine kwa asili yake. Amri ile ilikuwa mtihani. Aliyemfuata Mungu aligeuka pamoja na Mtume. Aliyefuata mazoea tu alibaki nyuma. Kwa Wabahai, jambo hilo hilo hujirudia kila ufunuo mpya unapokuja: wengi hushika upande waliouzoea, wakamkataa aliyeuweka.

Leo Mbahai husali akielekea kaburi la Bahaullah huko Bahji, karibu na Akka. Akiwa Moshi atatazama kaskazini, akielekea magharibi kidogo. Jirani yake Mwislamu atatazama kaskazini pia, akielekea mashariki kidogo. Pande hizo mbili hazipishani sana, lakini ni sheria mbili tofauti. Hapo ndipo tunapoona kwamba Wabahai hawakuchanganya dini. Wana kibla chao, saumu yao ya siku 19 mwezi Machi, na vitabu vyao. Anayejiunga nao hawi tena mshirika wa kanisa au dini nyingine.

Katika nyumba yao ya ibada iliyoko Kampala, iliyofunguliwa mwaka 1961, husomwa maandiko ya dini mbalimbali. Hakuna mahubiri, na nyimbo huimbwa kwa sauti tupu bila ala. Maandiko hayo huheshimiwa kama neno la Mungu, lakini sheria inayowafunga leo ni ya Bahaullah. Hata hiyo hawasemi ni ya mwisho: wanafundisha kwamba mwingine atakuja, ila si kabla ya miaka 1,000 kupita.

Ugumu wa fundisho hili uko wazi. Mwislamu anaamini Muhammad ni mwisho wa manabii. Mkristo anamkiri Kristo kuwa Neno la Mungu lililo kamili, si hatua mojawapo katika safari. Mbudha wa kale hamkiri Mungu Muumba. Wabahai hujibu kwamba maneno ya "mwisho" na "kurudi" yana maana ya kiroho, lakini wenye dini hizo hawajisomi hivyo. Kwa hiyo anayesema "dini zote ni moja" tayari ameshika msimamo wa dini mojawapo. Tukilijua hilo, tunaweza kuketi na Mbahai katika kamati ya maji au ya shule, kila mmoja akijua mwenzake anaamini nini, bila kudhani kwamba tumekwisha kukubaliana.