Dakika 45 za Nyongeza

“Mgonjwa wangu anasumbuliwa na wasiwasi. Naomba aongezewe muda wa mtihani.” Barua fupi kama hii, hata ikiwa na muhuri wa hospitali, ina kila sababu ya kurudishwa na ofisi ya mshauri wa wanafunzi. Nani asiye na wasiwasi siku ya mtihani? Chuo kinataka kujua ugonjwa unamfanya nini mwanafunzi huyu akiwa na karatasi mbele yake.

Tuseme ni binti wa mwaka wa pili, anasomea uhasibu. Daktari ataanza kwa kutaja cheo chake, namba ya usajili na tangu lini anamtibu. Kisha atautaja ugonjwa: wasiwasi wa jumla, yaani hofu isiyozuilika inayomwandama siku nyingi kwa miezi 6 au zaidi, ikiambatana na dalili kama kukosa usingizi, misuli kukaza na akili kutotulia. Anaweza kuongeza alama za dodoso la GAD-7, lenye maswali saba na kilele cha 21. Lakini dodoso huchuja tu. Alama 16 bila mahojiano ya daktari hazithibitishi ugonjwa.

Kiini cha barua kiko mbele kidogo. Binti husoma swali moja mara nne au tano, kwa kuwa akili imetekwa na picha ya kufeli. Moyo ukimwenda mbio, huweka kalamu chini mpaka utulie. Hesabu aliyokwisha kuipata huirudia toka mwanzo. Kazi za nyumbani anafanya vizuri. Kwenye mtihani, saa tatu huisha swali la mwisho halijaguswa. Hapo ndipo ombi la asilimia 25 linapopata mantiki: dakika 45 za kufidia zile zilizoliwa na ugonjwa.

Dalili zingekuwa nyingine, ombi nalo lingebadilika. Anayepatwa na hofu ya ghafla, ambayo hufika kileleni kwa dakika chache, hufaidika zaidi na mapumziko huku saa yake ikisimamishwa. Na anayekabidhi karatasi mapema ili aukimbie ukumbi, ukimwongezea muda umemwongezea mateso. Huyo mwombee chumba chenye watu wachache. Daktari anayeomba muda wa nyongeza kwa kila mgonjwa, kwa maoni yangu, hajawauliza wagonjwa wake vya kutosha.

Yasiyohitajika yaachwe: ugomvi wa wazazi, historia ya utotoni, hata majina ya dawa, isipokuwa zinamletea usingizi. Mwanafunzi aisome barua na kutia saini ya ridhaa kabla haijatumwa. Itaje pia muda wa kutumika, mathubutu mwaka mmoja wa masomo, maana hali hubadilika kwa tiba. Uamuzi unabaki kwa chuo. Kikikubali, msimamizi wa mtihani anatosha kuambiwa chumba na dakika. Jina la ugonjwa halimhusu.