Shafti Zikitengana Kidogo, Gia Hulegea Kiasi Gani?

Gia mbili za meno yaliyonyooka hazibanwi zikagusana pande zote. Huachwa upenyo mdogo kati ya jino na jino ili mafuta yapite, na ili joto likipanda meno yasing'ang'aniane. Ishike gia moja isizunguke, uitikise ya pili: kile kinachocheza mkononi ndicho mafundi huita plei.

Tuseme gia ndogo ina meno 20 na kubwa meno 40, zote za moduli 2. Jumlisha meno, zidisha kwa moduli, gawanya kwa mbili: shafti zinapaswa kuwa umbali wa milimita 60, kitovu hadi kitovu. Fundi aliyetoboa sahani ya kuzishikilia amepata 60.1. Je, sehemu hiyo moja ya kumi ya milimita imeongeza plei kiasi gani?

Jino la gia limechongoka kama kabari, pana chini na jembamba juu, na limeingia katika nafasi yenye umbo hilohilo. Ukilivuta nje kidogo, upenyo hufunguka ubavu wa kushoto na wa kulia pia. Ndiyo maana hesabu ina mara mbili ndani yake:

ongezeko la plei = 2 × ongezeko la umbali × tan α

Hapo α ni pembe ya msukumo, yaani mwinamo wa ubavu wa jino. Gia nyingi za siku hizi zina nyuzi 20, ambazo tanjenti yake ni 0.364. Kwa hiyo 2 × 0.1 × 0.364 ni milimita 0.073, ikipimwa kwa kufuata mzingo wa gia. Hesabu ndefu, inayozingatia kwamba pembe yenyewe imepanda hadi nyuzi 20.26, inatoa karibu jibu lilelile. Shafti zikitengana sana, kanuni hii fupi huanza kupotoka.

Wengi hukosea kwenye kupima. Bamba la kupimia upenyo hukaa wima kwa ubavu wa jino, si kwa kufuata mzingo, kwa hiyo tumia sin α badala ya tan α: ongezeko ni 0.068. Ikiwa awali bamba lilisoma 0.08, sasa litasoma karibu 0.15.

Uwiano wa mwendo haubadiliki. Gia ndogo bado inazunguka mara mbili kubwa ikizunguka mara moja, kwa sababu umbo la meno hayo, involuti, linavumilia shafti kusogea. Shida huonekana mzigo unapogeuza upande: meno hugongana, na meza ya mashine huchelewa kuanza kurudi.

Kabla ya kuilaumu sahani, zungusha gia na upime mahali kadhaa. Kama kipimo kinapanda na kushuka kadiri gia inavyozunguka, tundu la gia haliko katikati au shafti imepinda, na kusogeza shafti hakutaponya hilo.