Kinga ya Uvujaji wa Data: Maana na Istilahi Zake

Baadhi ya wafasiri wametuuliza waiiteje ile programu inayowekwa katika kompyuta za ofisi ili taarifa za siri zisitoke nje bila idhini. Wengine wameandika "kuzuia upotevu wa data", wakifuata jina la kigeni neno kwa neno. Kwa maoni yetu neno "upotevu" linapotosha. Kitu kilichopotea hakipo tena kwa mwenyewe. Lakini orodha ya mishahara iliyopelekwa kwa mtu asiyehusika ingali imo ofisini, wala haikupungua hata herufi moja. Kilichotokea ni kuvuja. Kwa hiyo tunapendekeza "kinga ya uvujaji wa data".

Kinga hiyo haiwezi kufanya kazi kabla ya uainishaji, yaani kuzipanga data katika madaraja. Madaraja matatu yanatosha kwa ofisi nyingi: data ya wazi, kama tangazo la kazi, data ya ndani, kama ratiba ya vikao, na data nyeti, kama majalada ya watumishi. Daraja la tatu ndilo linalogusa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022.

Hapana budi pia kutenga maneno mawili yanayochanganywa. "Sera" ni nia ya ofisi, kwa mfano kwamba namba za vitambulisho vya watumishi zisitoke nje. "Kanuni" ni agizo lililoandikwa katika programu ili nia hiyo itimizwe. Sera yaweza kuwa njema na kanuni yake ikawa mbovu.

Tuchukue mfano wa namba ya kitambulisho cha Taifa cha Tanzania. Ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Tuseme kanuni ya kwanza inaagiza: zuia barua yoyote yenye tarakimu 20 zinazofuatana. Mara moja karani wa ugavi atazuiwa kwa sababu hati ya mzigo ina namba ndefu kama hiyo. Huko kuzuia kusikostahili tunakuita "kengele ya uongo". Madhara yake si usumbufu tu. Karani aliyezuiwa mara tatu huipiga hati picha kwa simu yake na kuituma kwa njia ambayo kinga haiioni kabisa; na kesho atafanya vivyo hivyo kwa hati iliyo nyeti kweli.

Dawa yake ni kuirekebisha kanuni. Sharti la kwanza la kuongeza ni kwamba tarakimu nane za mwanzo ziwe tarehe halali. Tangu mwaka 1920 hadi leo tarehe zote hazifiki 40,000, ilhali tarakimu nane zaweza kupangwa kwa namna 100,000,000. Basi karibu kila namba isiyo na mpango wa tarehe itaachwa ipite. Zitabaki namba za hati zinazoanza na tarehe ya siku zilipotolewa. Kwa kuwa watumishi ni watu wazima, kanuni iagizwe kuziacha tarehe za miaka 18 iliyopita. Sharti la mwisho ni neno la jirani: "kitambulisho" au "NIDA" lionekane karibu na namba.

Kisha huja idadi. Mtumishi anayetuma namba yake mwenyewe aonywe tu. Orodha yenye namba kumi au zaidi izuiwe. Lakini orodha ya kila mwezi iendayo kwenye mfuko wa pensheni ni kazi halali, hivyo iwekewe ruhusa maalumu: mtumaji anayejulikana, mpokeaji anayejulikana.

Kanuni mpya isianze kwa kuzuia. Kwa majuma machache iachwe iangalie na kuandika tu, na msimamizi asome kila tukio ahesabu kengele za uongo. Zikipungua, iingie hatua ya kuonya, ambapo mtumishi huandika sababu na kuendelea. Sababu hizo ndizo zinazofichua kazi halali iliyosahauliwa. Kuzuia kuje mwisho.

Wasomaji wasidhani kwamba ukimya wa kinga ni ushahidi wa usalama. Kila sharti tunaloongeza lapunguza kengele za uongo, lakini lafungua mwanya pia: orodha isiyo na neno "kitambulisho" itapita. Hali kadhalika faili lililofungwa kwa nywila halisomeki. Tukio hilo tunaliita "mpenyo". Kwa hiyo msimamizi na ajaribu kanuni kwa orodha ya namba za kubuni kila inapobadilishwa, aone kama bado inanasa.