Fahamu: Maji ya Tumbo Yanapoingiwa na Vijidudu

Mgonjwa wa ini lenye makovu ateremkaye kutoka Mwanda hadi hospitali ya Voi, tumbo limemjaa maji, hana homa wala maumivu ila maneno yameanza kumchanganyika, huenda bakteria wa matumbo wamekwisha kuingia katika maji hayo pasipo utumbo kutoboka. Dalili pekee hazithibitishi. Tabibu hana budi kuyavuta kwa sindano siku hiyo hiyo, kabla ya dawa, na chembe nyeupe aina ya nyutrofili zikifika 250 kwa mikrolita, aanze seftriaksoni bila kungoja maabara ioteshe vijidudu, kwani mara nyingi havioti. Akipona, huandikiwa antibiotiki ya kinga, kama siprofloksasini au kotrimoksazoli, maana bila hiyo wengi hurudiwa kabla ya mwaka kwisha. Tafadhali, nduguze, msimwache aikatize ajionapo mzima.